Nailoni ya Ubao Janja

Hapa Tunduma, mpakani, kitu kipya hakivuliwi nguo. Nimekaa kwenye makochi yaliyozeeka ndani ya nailoni zao, sponji imelala, mbao zinalia, lakini nailoni ipo, na mwenye nyumba anakutazama vibaya ukijaribu kubandua hata kipande kilichokushika pajani. Kwa hiyo ubao janja ulipoletwa shuleni kwetu nilijua kabisa nini kitatokea.

Mkuu wetu wa shule aliupokea kama mkwe. Ukafungwa ukutani kwenye darasa la Kidato cha Nne, na mafundi walipotaka kubandua nailoni ya kiwandani akawazuia. "Acheni, vumbi la malori," alisema. Kisha akachukua karatasi iliyoandikwa MALI YA SHULE, akaipaka gundi na kuibandika kwenye fremu, chini ya kioo, katikati kabisa, juu ya kijidoa cheusi ambacho hakuna aliyeuliza kazi yake.

Mimi ninafundisha jiografia. Kidato cha Nne walikuwa wanakaribia mtihani, na usomaji wa ramani ulikuwa unawatoa jasho. Vitabu ni vichache, kila kimoja kimezungukwa na vichwa kama sahani ya pilau msibani, na wa mwisho anaona kisogo cha mwenzake tu. Niliutaka ubao ule kwa moyo wote. Nilikuwa na ramani ya milima ya Ileje kwenye laptopu, na nilitaka kila mtoto, hadi wa dirisha la nyuma, aione mistari ya kontua inavyobanana pale mlima unapokuwa mkali.

Siku ya kwanza niliwasha, wakaona ukungu. Ramani ilisimama katikati ya kioo, kulia na kushoto nguzo mbili nyeusi, na kontua zimegandana kama uji uliolala. Nikichora mstari katikati ya ramani, wino ulifuata kidole. Kadiri nilivyosogea pembeni, wino ulizidi kubaki nyuma, hadi mwisho ukawa unaandika sehemu yake na mimi yangu.

"Madam," kijana mmoja akasema, "wino umekwama foleni ya mpakani."

Darasa likacheka. Nami nilicheka, kwa hasira. Kisha kishale kikaanza kurukaruka chenyewe kwenye kona ya juu, kinafungua vitu ambavyo hakuna aliyevigusa, na jua la mchana lilipoingia dirishani picha ikafifia kabisa.

Mwalimu wetu wa kompyuta akaitwa. Huyu bwana huvaa flashi shingoni kama msalaba, na hajawahi kukiri kwamba kuna kitu asichokijua. Akafungua ukurasa wa kupanga mguso, ule unaokuletea alama za msalaba uzibonyeze moja baada ya nyingine. Msalaba mmoja ukajibonyeza wenyewe kabla hajaufikia.

"Umeona spidi?" akaniambia. "Mashine hii inajua ninachotaka."

Alipomaliza, hata katikati kukaharibika. Akarudia, ikawa mbaya zaidi. Hatimaye akatangaza kwamba ubao ni mbovu tangu kiwandani, akaondoka na flashi yake ikining'inia.

Habari zikapanda ngazi haraka. Ujumbe ukaja kwamba wakaguzi watafika kutazama somo moja, na ubao usipofanya kazi utapelekwa shule nyingine huko Mkwajuni, kwa watu wanaojua kuutumia. Mkuu akakasirika kama aliyeibiwa mke, ila nailoni hakuigusa.

Jioni ile nilibaki darasani na kijitabu cha maelekezo, ambacho nacho kilikuwa ndani ya nailoni yake. Nikakichana. Kumbe ubao huu hausubiri kidole kifike kwenye kioo. Kuna miale isiyoonekana inayopita juu ya kioo kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na chochote kinachoikata unakihesabu kuwa kidole. Nikainua macho kwenye kona ya juu. Nailoni ilikuwa imebanduka pale na kujikunja, inatikisika kila upepo ukiingia. Hicho ndicho kidole kilichokuwa kinambonyezea mwenzangu misalaba yake. Na kile kijidoa cheusi chini ya karatasi ya MALI YA SHULE ni jicho linalopima mwanga wa chumba. Likizibwa, ubao unadhani kuna giza, nao unapunguza mwangaza ili usituumize macho.

Nilikwenda kwa Mkuu mbio. "Mkuu, naomba ruhusa nibandue nailoni na ile karatasi. Tatizo kubwa ni hilo, mengine nitayamaliza kwenye laptopu."

"Madam, wewe ni mwalimu wa mito na milima," alinijibu. "Kitu kikibanduliwa kimeshakuwa cha zamani. Wakaguzi wataukuta umechakaa."

Niliondoka pale. Ilikuwa heri kwake ubao uende Mkwajuni ukiwa mpya kuliko ubaki kwetu ukifundisha.

Wakaguzi walikuja, wakakaa nyuma na soda zao. Mkuu alikaa kati yao, suti imemkaba. Nikawasha. Ukungu ule ule, giza lile lile, kishale kinacheza chenyewe. Mkaguzi mmoja akamnong'oneza mwenzake, nami nikawaona wanafunzi wangu wakiinamisha vichwa, kwa sababu wao walielewa mapema kuliko mimi kwamba ubao unaondoka.

Basi nikaishika nailoni kwenye ile kona na kuivuta. Mlio wake ulijaza darasa. Mkuu alinyanyuka nusu, akakaa, akanyanyuka tena. Nikaikwangua na karatasi yake kwa ukucha, nikafuta kingo za ubao kwa mtandio wangu, na kioo kikang'aa, hata jua likiwa dirishani. Kisha nikaenda kwenye laptopu. Ilikuwa imewekwa rezolusheni ya kale, nukta 1024 kwa 768, picha ya karibu mraba kwenye kioo kirefu. Nikachagua picha iende kwenye ubao peke yake, nikapandisha hadi 1920 kwa 1080, na zile nguzo nyeusi zikatoweka. Baada ya hapo ndipo nikafungua ukurasa wa misalaba, maana kupanga mguso kabla ya rezolusheni ni kufagia kabla ya kumaliza kupukuchua mahindi. Nikabonyeza moja moja. Yote ikatulia ikinisubiri.

Nikafungua ramani ya Ileje. Kontua zote zikasimama, kila moja na njia yake. Nikamwita msichana wa dawati la mwisho aoneshe mteremko mkali ulipo. Akapita kidole kwenye mistari iliyobanana, na wino mwekundu ukafuata kidole chake hadi ukingoni.

"Kumbe ni hivi tu?" akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuwa anafichwa kitu.

Wakaguzi wakapiga makofi, wakasema ubao unabaki. Mkuu akasimama, akafunga vifungo vya koti, akasema, "Tulikuwa tunawasubiri ninyi wageni wetu, ili uzinduzi ufanyike mbele yenu."

Waliamini. Waliandika hata kumpongeza. Mwalimu wa kompyuta, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitikisa kichwa kukubali, kana kwamba walipanga wote.

Wageni walipoondoka, Mkuu alinifuata ofisini. "Madam, ile nailoni iko wapi? Tuirudishe kabla vumbi halijaingia."

Nikamwambia imepotea. Ukweli ni kwamba nilikwisha kumpa mama anayeuza maandazi getini, pale malori yanapomwaga vumbi lao lote. Sasa kila asubuhi Mkuu husimama mbele ya beseni lake, huinua ile nailoni kwa vidole viwili, huchagua maandazi yake, huyafunika tena taratibu, na kumsifu yule mama kwamba yeye angalau anajua kutunza vitu.