Numero 22, Avenue ya Soko

Hii habari mutaikataa, na mimi sitakasirika. Mwaka 2000, mimi na rafiki yangu Siméon tulipata nyumba bila kukosea numero. Muji ndio tulikosea.

Siméon alikuwa anauzisha viazi Kirumba, mutu wa kimya, wa baiskeli moja. Mimi, vita ilinitupa mbali, kijiji cha Kasugho. Miaka mbili hatukuonana. Sasa alitaka kuoa Kavugho, binti ya muzee Vagheni, na muoaji anahitaji rafiki wa kumusemea. Kinywa kizuri, munajua ni cha nani.

Telefone haikuwa. Kulikuwa phonie tu: unapeleka karatasi kwa operateri, anaisoma mu redio, anamaliza "À vous!", ni kusema "zamu yenu!" Mwenzake kule anaandika juu jina la muji wenye kutuma, na chini maneno yako. Jaribu kusema "mupenzi wangu" mu phonie! Muji muzima ulisikia mapendo yako.

Vagheni alituma kwetu wote wawili: "Munikute nyumbani, Avenue ya Soko, numero 22, siku ya posho, ndiyo Jumamosi, saa ine. Mukikosa, Kavugho anapewa mwingine." Juu: BENI. Vita ilikuwa inahamisha batu kila juma, donc hatukushangaa kuona muzee amehamia Beni. Siméon alipita Butembo juu ya kamio ya mizigo bila hata kushuka.

Saa ine, mbele ya mulango wa 22, Beni, namuona Siméon. Tukakumbatiana, tukalia.

"Edmond, umekonda!"

"Na wewe, unafanana viazi yako!"

Mama mumoja, Emérence, akafungua. "Vagheni? Hapa ni kwangu." Akasoma karatasi, akacheka. "Batoto, Avenue ya Soko iko Beni, iko Butembo, iko Lubero. Kila moja inahesabu parcelle zake, ni viwanja, tangu moja, basi 22 ziko nyingi. Hii BENI ya juu ni mahali sauti ilitokea. Muji wa nyumba hakuuandika. Vagheni ninamujua: anakaa Butembo, hapa anakuja kununua tu."

Siméon akakaa chini, kofia mu mikono. "Nimemupoteza."

Mama akatushika mikono mpaka kwa phonie. Operateri akaita Butembo. Butembo ikatuma mutu mbio mpaka 22 yao. Tukangoja, Siméon anahesabu misumari ya ukuta. Halafu redio ikakohoa: "Muzee angali nyumbani. Anasema kesho saa tatu, mara ya mwisho. À vous!"

Alfajiri tukapanda kamio ya makala, yale makaa ya kupikia. Saa tatu tulikuwa pale, weusi kama vyungu. Muzee alicheka mpaka akasahau hasira, akakubali.

Leo Siméon anakaa hapa pembeni yangu, Kavugho anatuletea chai, na batoto bao bananiuliza kila mara. Ninabaambia kweli yote: nilisimama, nikasema masaa sita bila maji, bamama makumi mbili bakalia, na mbuzi nane za mahari zili—

Siméon ananikata: "Edmond! Mbuzi ilikuwa moja. Na wewe ulisema tu 'Bonjour', halafu ukapiga chafya ya makala."