Barua ya Makaburi Iliyowekwa kwenye Rambirambi

Alhamisi, tarehe saba Mei. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikapumzika adhuhuri, kisha ikarudi kama iliyosahau kitu. Nimeshinda nimekasirika, na hata sasa sijui kama hasira imeniisha. Ndiyo maana naandika.

Nianze na jambo lenyewe, maana nikianza na hasira nitamwonea mtu. Baba yangu amezikwa Mwera, upande wa Pangani, katika shamba la minazi lililokuwa la babu. Babu na bibi wamelala hapo hapo. Shamba liliuzwa na baba zangu wadogo, kihalali kabisa, na mnunuzi ni kampuni yenye ofisi huku Tanga mjini, Raskazone. Sina neno na mauzo. Wakati wa kuuza ilikubaliwa kwamba makaburi hayataguswa, lakini ilikubaliwa kwa mdomo, na mwenye mdomo huo ameshaacha kazi kwenye kampuni.

Mwezi uliopita nilikwenda na mama yangu kung'oa majani makaburini. Tukamkuta msimamizi wa shamba anapigilia vigingi. Akatuamkia vizuri, shikamoo mama, shikamoo bibi, kisha akatwambia kuwa Jumatatu ya tarehe kumi na moja Mei tingatinga linaingia kusawazisha eneo lote.

"Na makaburi?" nikamuuliza.

"Kwenye ramani niliyopewa hapana makaburi, mama."

Mama yangu akamwonyesha kwa bakora mashahidi, yale mawe ya kichwani na miguuni. "Na haya ni nini, mwanangu? Uyoga?"

"Nayaona, bibi. Lakini macho yangu hayana mamlaka. Mkurugenzi peke yake ndiye anayeweza kubadilisha ramani. Mwandikieni."

Akatupa anwani ya barua pepe ya ofisi. Alikuwa mtu mwema, na nimwandike hivyo.

Mimi nimesoma hadi darasa la saba. Nashona mapazia na mashuka, siandiki barua za maofisini. Lakini nikakaa na simu yangu nikaandika, tena kwa adabu. Tulikuwa tumesikia kwamba mkurugenzi amefiwa na mama yake mzazi, na kwetu huwezi kumwendea mfiwa na shida yako kabla hujampa pole. Hata kama nyumba yako inaungua, utasema kwanza "poleni na msiba" halafu ndiyo uombe ndoo. Kwa hiyo pale juu, penye kichwa cha barua, nikaandika: Pole na msiba. Nikamwombea marehemu, nikawaombea subira waliobaki, nikauliza hali ya watoto wake nisiowajua. Makaburi yetu niliyafikia chini kabisa, na pale nikaomba kwa unyenyekevu, kwamba kama hatachukia, na kama nafasi itaruhusu, ayafikirie.

Nilimsomea mama. Akasema, "Hiyo ni barua ya mtu aliyelelewa." Nikafurahi.

Jumanne iliyopita jibu likaja. Mstari mmoja: Mkurugenzi na familia yake wanakushukuru kwa salamu zako za rambirambi, Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Chini yake jina la ofisi na namba ya simu. Basi.

Sikupata usingizi kwa ghadhabu. Mtu ameisoma barua yangu, amepokea pole zangu kwa mama yake, na kaburi la baba yangu hakulitaja hata kwa "hapana". Dua zangu kachukua, haja yangu katupa. Nilimtukana moyoni maneno ambayo sitayaandika. Mume wangu akaniambia, "Bibie, huenda hajasoma."

"Hajasoma na amejibu?"

"Wakubwa hujibu bila kusoma. Hata mimi nakujibu hivyo hivyo siku za mpira."

Nilimrushia mto, lakini neno lake likanikaa. Leo asubuhi, mvua inapiga mabati, nikapiga ile namba. Akapokea mwanamke, sauti ya haraka lakini si ya ukali.

"Shikamoo mama. Mimi ni katibu muhtasi wa mkurugenzi. Naomba nikusaidie."

"Marahaba. Nataka kuzungumza na mkurugenzi."

"Yuko kikaoni, na simu zake zote zinapita kwangu. Ni kuhusu nini?"

"Kuhusu barua aliyoijibu."

Akaniuliza jina, nikasikia vidole vinagonga. "Naiona. Lakini mama, hajaijibu yeye. Nimeijibu mimi, kwa niaba yake."

"Aliisoma?"

"Hakuiona."

Hapo ndipo hasira yangu ilipohama nyumba. "Hakuiona! Na wewe unamshukuru mtu kwa jina la asiyejua? Barua si yako, binti. Juu imeandikwa mheshimiwa mkurugenzi. Wewe ni nani wa kukaa katikati?"

Hakunijibu kwa ukali, na hilo lilinikera zaidi. Aliniacha hadi nikaishiwa pumzi, kisha akaniambia namna kazi yake ilivyo, nami nitaiandika kama alivyoisema ili nisimdhulumu. Barua zote za mkurugenzi anafungua yeye, kwa ruhusa ya mkurugenzi mwenyewe. Kila asubuhi humpelekea muhtasari wa ukurasa mmoja: nani ameandika, anataka nini, mwisho lini, na yeye mkurugenzi anatakiwa aamue nini. Jambo lisilo na uamuzi haliingii. Salamu, mialiko na pongezi zina kabrasha lake. Wiki ile ya msiba rambirambi ziliingia kama mvua, akaelekezwa kila moja ijibiwe kwa maneno yale yale.

"Yako juu imeandikwa pole na msiba, mama. Nikasoma mwanzo, rambirambi. Nikateremka kidogo, bado rambirambi. Nikaiweka na wenziwe."

"Hukufika chini."

"Sikufika chini. Hilo ni langu, nisamehe."

Lakini nasema kweli, sikuridhika. Nilimwambia, "Kwa hiyo ningekuwa mtovu wa adabu, ningesomwa."

Akacheka kidogo, bila dharau. "Wengi wasio na adabu pia siwapeleki, mama. Sasa sikiliza. Usimwandikie yeye tena. Niandikie mimi. Kichwa kiseme makaburi, Mwera, na Jumatatu. Kisha maneno machache ambayo naweza kuyahamisha kwake kama yalivyo, na swali moja la kujibiwa ndiyo au hapana. Na picha. Ukiniletea kabla ya saa sita, nitamwekea mkononi akitoka kikaoni."

"Hata salamu nisiweke?"

"Yangu weka, nitaipokea. Kwenye maneno ya kuhamisha usiweke."

Nilikaa chini na simu. Kumwandikia mtu bila kumjulia hali ni kama kuingia nyumbani kwa watu na viatu. Niliandika, nikafuta, nikaandika. Mwishowe ikawa hivi:

Makaburi matatu, shamba la Mwera, tingatinga Jumatatu.

Binti yangu, asante kwa kunisikiliza. Naomba umfikishie haya: Katika shamba la Mwera, pembe ya mashariki karibu na kisima cha zamani, kuna makaburi matatu ya familia yetu yasiyokuwemo kwenye ramani. Tingatinga linaanza Jumatatu tarehe kumi na moja. Tunaomba msimamizi aagizwe ayaache. Je, ataagizwa?

Nikaweka picha mbili nilizopiga siku ile. Mume wangu akachungulia begani. "Loo. Umeandika kama mtu anayeagiza saruji."

"Ndivyo wanavyotaka kuandikiwa."

"Baba mkwe angekuchapa."

"Baba angechapa ofisi nzima," nikasema, nikaituma kabla moyo haujanigeuka.

Haukupita muda, katibu akaniuliza kwa ujumbe mfupi: kuna ushahidi wowote wa makubaliano ya zamani, na msimamizi ameyaona makaburi? Nikajibu ushahidi ni wa mdomo tu, sitadanganya, lakini msimamizi ameyaona kwa macho yake. Akasema hilo la msimamizi linatosha, atampigia athibitishe kwanza, kwa sababu mkurugenzi lazima atauliza. Hapo nilimheshimu. Alikuwa anakwenda kuulizwa maswali yetu kwa niaba yetu, na alitaka awe na majibu.

Baada ya adhuhuri, mvua imetulia, jibu likafika. Safari hii ni la mkurugenzi mwenyewe, katibu amelihamisha kama lilivyo: Makaburi yasiguswe. Yazungushiwe uzio. Mengine katibu atawaeleza.

Nilipiga kigelegele peke yangu jikoni. Mama akatoka chumbani na tasbihi mkononi. Nikamsomea. Akakaa kwenye kigoda, akasema alhamdulillahi mara nyingi, machozi yanamtoka, nami nikadhani mambo yamekwisha.

Kisha yakaja hayo mengine. Katibu aliandika kwa upole, naona alichagua kila neno. Kwa kuwa eneo sasa litakuwa na mitambo, lango litafungwa. Familia ikitaka kuzuru makaburi, itume ombi kwa barua pepe kwake, siku tatu kabla, ikitaja majina ya wanaokuja, siku na saa, naye atatoa kibali cha kuonyesha langoni.

Nilisoma mara ya pili kwa sauti ndogo. Mama akasikia.

"Ati niombe ruhusa kwenda kumsalimia mume wangu?"

"Ni kwa ajili ya usalama, mama. Kuna mitambo."

"Nimuombe nani?"

"Yule katibu."

"Anamjua baba yako?"

"Hamjui."

"Na anipangie saa?" Akaniangalia kama mimi ndiye niliyeandika. "Miaka yote hii nimekwenda nikijisikia. Nikiamka nimemuota, nakwenda. Nitamuota siku tatu kabla?"

Nimejaribu kuwa mwadilifu. Mitambo ni hatari, kweli. Shamba ni lao, kweli. Katibu ametupigania, asingehamisha yale maneno, Jumatatu tungekuta udongo mtupu, na kosa lake la kwanza alilikiri mwenyewe. Mkurugenzi alijibu siku ile ile alipoona. Nikiwapima mmoja mmoja, simpati mwenye hatia. Lakini nikiwakusanya, mama yangu mtu mzima anahitaji kibali cha kwenda kung'oa majani juu ya kaburi la mumewe, na hilo si haki, hata kama mimi na elimu yangu ya darasa la saba nashindwa kusema ni kifungu gani kimevunjwa. Huenda nakosea. Sidhani.

Magharibi mama akaniita. "Mwandikie huyo binti."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie nakwenda Jumapili, kabla ya tingatinga. Mimi na wewe. Asubuhi." Akafikiri. "Na mpe salamu zangu, muulize hali ya wazazi wake. Ndefu. Kama yeye ndiye mlango, basi na atujue."

Nilimkumbusha kwamba kichwa lazima kiseme jambo. Akasema kichwa niandike ninavyotaka, tumbo la barua ni lake. Basi juu nikaandika: Ombi la kuzuru makaburi Mwera, Jumapili, watu wawili. Chini mama akasema nami nikaandika, na salamu zikawa nyingi kuliko ombi. Nikaituma hivyo hivyo. Katibu akajibu kabla ya isha: Kibali kimetoka. Wazazi wangu wako Muheza, hawajambo, nimewafikishia.

Usiku tumekula bada, ugali wa muhogo, kwa kisamvu cha nazi na dagaa wa kukaanga. Mama ameomba aongezewe kisamvu.