Tundu Kwenye Mchoro wa Moyo

Mwalimu Eliza alikuwa amefundisha sayansi darasa la saba kwa miaka kumi na tisa, huko Magamba. Siku hiyo aligawa zoezi lenye mchoro wa moyo na vyumba vyake vinne: auriko mbili juu, ventriko mbili chini, ukuta katikati. Wanafunzi walitakiwa kuonyesha njia ya damu kwa mishale. Damu ya mwilini inafika kwa mshipa wa vena kava, inaingia auriko ya kulia, kisha ventriko ya kulia, na kwenda mapafuni. Inarudi auriko ya kushoto, ventriko ya kushoto, halafu inatoka kwa mshipa mkuu, aota, kwenda mwilini.

Zakia alipatia yote, ila alichora tundu kwenye ukuta kati ya ventriko. Eliza akalikata kwa wino mwekundu.

"Moyo hauna tundu hapa, Zakia."

"Wa mdogo wangu unalo, mwalimu. Daktari alituchorea. Damu safi inavuka, inarudi tena mapafuni. Akinyonya anahema. Baba hataki apasuliwe."

Eliza alishindwa kuendelea na kipindi. Jioni alikwenda nyumbani kwa kina Zakia na karatasi ile ile.

Mzee Ismaili, baba yake Zakia, aliitazama, akagusa lile tundu. "Wakiliziba, damu itapita wapi?"

Eliza alifuata mishale kwa kidole, taratibu, hadi aota. "Itapita njia yake tu, baba Zakia."

Jumatatu wazazi walimpeleka mtoto Dar es Salaam kupasuliwa. Wiki ya pili sasa, na Eliza hajapata habari yoyote.