Jeki ya Kaka Haivuji

Asikwambie mtu kwamba hasira hupungua na umri. Mimi nikiikumbuka jeki ile, hata chai hainipiti kooni.

Tulikuwa wawili kwenye karakana, mimi na kaka yangu mkubwa. Marehemu baba alituachia mashine moja ya kukereza chuma pale Kiseke, na sote tulijifunzia hapo hapo, miguuni pake. Mume wangu ni fundi wa malori. Chuma chake kikilika kilikuwa hakina pa kwenda ila kwetu, na siku hiyo alituletea jeki yake kubwa ya mafuta, ile ya kunyanyulia lori. Pistoni ilikuwa imekwisha, akataka tumchongee mpya.

Kwenye pistoni hiyo unachongwa mfereji wa kuzunguka, na ndani ya mfereji inakaa oringi, yaani pete ya mpira inayozuia mafuta yasipite. Mafuta yakipita, jeki inashuka. Na anayelala chini ya lori ni baba wa wanangu. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea.

Kaka akachukua oringi ya zamani, akaibana kwenye vernia, kile kipimo chetu cha milimita.

"Nne nukta nne," akasema, akaanza kutafuta chaki.

"Kaka, usiipime hiyo. Imekaa imebanwa miaka na miaka, imeshakuwa bapa. Ilipokuwa mpya ilikuwa milimita tano. Tununue mpya kwanza, tuipime, ndiyo tukate."

"Wewe mtoto, mimi nakata chuma wewe hujajua hata kushika ufagio."

Ufagio! Nina mikono yenye makovu mengi ya chuma kuliko yake, ananiambia habari za ufagio. Lakini ni mkubwa wangu, nikameza.

Na hesabu yenyewe wala si ya kumtoa mtu jasho. Unachukua unene wa oringi mpya, unaamua unataka ibanwe kiasi gani. Kwa kitu kinachopanda na kushuka kama pistoni, sisi tulizoea kubana kama sehemu kumi na nne katika mia. Ukipunguza sana haizibi, ukizidisha sana inajikwaruza mpaka inakwisha. Ya milimita tano ukiibana hivyo inabaki nne nukta tatu. Hicho ndicho kina, kutoka chini ya mfereji mpaka ukuta wa silinda, na ile nafasi nyembamba inayoachwa ili pistoni ipite imo humo humo ndani ya hesabu. Upana nao lazima uzidi unene wa oringi. Kwa hii ningeupa sita nukta saba. Mpira ukiubana haupungui, unahama. Unaubana juu na chini, wenyewe unatanuka ubavuni, na ukikaa kwenye mafuta unavimba kidogo. Usipouachia pa kwenda utajitafutia mwenyewe, na utapita kwenye ule mwanya mwembamba na kukatwa.

Kesho yake nilikwenda Misungwi kuangalia shafti ya mashine ya kusaga. Nilijua atanisubiri. Jamani, mimi nami, nilijuaje?

Niliporudi, meza ilikuwa tupu.

"Jeki iko wapi?"

"Nimeshamkabidhi shemeji. Haivuji hata tone!" Alikuwa anacheka, mikono kiunoni, kama aliyefunga bao la ushindi.

"Ulikata kina gani?"

"Tatu nukta nane. Upana tano nukta nane. Hesabu zako zile zile, si unazipenda?"

Ni kweli, zilikuwa hesabu zangu, ila alizifanya kwa oringi iliyochoka.

"Na oringi uliyoweka?"

"Ya tano. Dukani hawakuwa na ya nne na kitu. Lakini si ndiyo imebana vizuri zaidi?"

Yaani aliishika ile tano mkononi mwake, akaona haiendani na mfereji wake, akaiweka vile vile! Karibu robo ya unene wake inabanwa, na ubavuni hakuna nafasi ya maana.

"Pistoni iliingiaje?"

"Niliigongagonga kidogo na nyundo ya mbao."

Kwenye sinia la vyuma palikuwa na kipande cheusi cha mpira, chembamba, kimejikunja. Oringi ilikuwa imeshamegwa hata kabla jeki haijanyanyua kitu. Nikakishika, nikamwonyesha.

"Hiki nini?"

"Takataka. Wewe nawe kila kitu unakuza! Nimeipima, nimeipampu, imekauka kabisa. Unataka nini tena?"

Bila shaka ilikauka. Oringi iliyobanwa kupita kiasi haivuji siku ya kwanza, inang'ang'ania kama kupe. Halafu kila ikipanda na kushuka inalika, inajisokota, inamegwa kidogo kidogo, mpaka siku moja mafuta yanapata njia, na siku hiyo haipigi hodi. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa yake ilikuwa nyepesi. Mfereji ukikatwa kina kirefu mno, pistoni ni ya kutupa. Huu ulikuwa mfupi na mwembamba, ungerudishwa tu kwenye mashine, ukaongezwa kina, ukapanuliwa, ikawekwa oringi nyingine. Haikuwa hata kazi ya asubuhi nzima. Alishindwa na nini? Kiburi tu.

Nikampigia mume wangu simu. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Nikajua yuko chini ya gari.

"Twende," nikamwambia kaka. "Leo utakwenda na mimi."

Tukapanda bodaboda mbili. Njia nzima nilikuwa namtukana kimoyomoyo, Mungu anisamehe.

Gerejini, lori la mashudu ya pamba lilikuwa limenyanyuliwa mbele, gurudumu limetolewa, na miguu ya mume wangu imetokeza nje. Magogo ya kukingia yalikuwa chini ya lori jingine. Hili la mashudu lilishikiliwa na jeki peke yake.

"Baba watoto, toka!"

"Namalizia nati moja."

"Toka sasa hivi, nimesema!"

Akatoka, grisi mpaka kwenye kope, amekasirika. "Una nini wewe? Watu wanakuangalia. Jeki nzima, imetoka kwa shemeji mwenyewe, tangu nimenyanyua lori haijashuka hata nywele."

"Si unaona?" kaka akadakia. "Mwambie mkeo. Jeki yangu haivuji."

Sikupiga kelele tena. Nilikuwa nimepita huko. Nikaokota spana iliyokuwa chini, nikampa kaka mkononi.

"Imebaki nati moja. Ingia ukaimalize."

Akacheka. Mimi sikucheka. Akaitazama spana, akalitazama lori, halafu akaitazama jeki, kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama pale mezani kwetu. Akainama kidogo, goti moja likagusa chini, nikadhani anaingia kweli. Akasimama tena, akajipangusa suruali.

"Sawa," akasema. "Ngoja kwanza nilete magogo."

Kaka alikuwa ameshapiga hatua kuelekea lile lori jingine, mume wangu akamwita, taratibu, bila hasira, na hapo ndipo mimi nilipoanza kulia.

"Shemeji, mimi mbona hukuniambia nilete?"