Oili Kwenye Mteremko

Krrrrr. Halafu kimya kidogo. Halafu krrrrr tena, safari hii ndefu, kama mtu anayekwangua sufuria la ugali kwa kijiko cha chuma. Mpaka leo nikikaa kimya naisikia. Ilikuwa pikapu ya mzee mmoja mkulima wa viazi kutoka Igowole, anajaribu kuingiza gia ya rivasi nje ya geti la garage yetu pale Mlandege, na gia haitaki.

Nilikuwa chini ya gari lingine. Nikajua ni yeye kabla sijamwona, nikatamani kubaki humo chini.

Wiki mbili kabla, mimi na mwalimu wangu tuliishusha giaboksi ya pikapu hiyo tukabadilisha diski ya klachi. Mwalimu wangu namwita hivyo, ingawa hakuwahi kushika chaki. Alikuwa fundi mzee, mtu wa Mbeya, miaka mingi Iringa. Mimi nilimaliza kidato cha pili, nikaacha, nikaja mjini hapa nikiwa na begi moja na ndoto nyingi. Garage nne zilinicheka, msichana na spana. Yeye alinipa spana namba kumi na nne, akasema, "Fungua ile nati pale." Nikaifungua. Akasema, "Kesho uje na nguo za kuchafua." Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa interview yangu.

Iringa nzima sikuwa na ndugu. Asubuhi yeye alinisalimia kwa Kinyakyusa, lugha ya kwetu sote wawili, "Ugonile," na mimi nikamjibu, na kwa dakika mbili au tatu, chai ikipoa, nilikuwa nyumbani. Jioni nilirudi kwenye chumba changu, nikafunga mlango, nikaongea na sufuria.

Binti yake alikuwa Mbeya, na kila wiki alimpigia simu arudi akapumzike. Mzee alimjibu vilevile siku zote, kwa sauti ya kujidai, mimi nikisikia: "Siku nitakayoanza kuharibu magari ya watu, uje unichukue. Kabla ya hapo, niache." Nilikuwa nacheka. Mwaka ule nilianza kuacha kucheka. Macho yake yalikuwa yanachoka, na akiinuka kutoka chini ya gari alishika kiuno muda mrefu kabla ya kusema neno.

Sasa pikapu ikaingia. Mzee wa viazi akateremka, akavua kofia.

"Kamwene! Jamani, mlinitengenezea gari au mashine ya kusaga?"

"Umeifanya nini?" mwalimu wangu akamuuliza.

"Mimi niifanye nini? Ninyi Wanyakyusa, watu wa ndizi, mnajua kumenya, kufunga hamjui! Gia haingii. Moja haingii, rivasi ndiyo usiseme. Nimetoka Igowole napigana nayo kama ng'ombe." Kisha akapunguza sauti. "Mke wangu amelazwa Tosamaganga. Kesho mchana wanamruhusu. Siwezi kumpandisha bodaboda na mshono tumboni."

Mwalimu wangu aliingia kwenye gari, akajaribu, krrrr, akazima. Alikaa pale ameshika usukani. Halafu akasema bila kututazama, "Giaboksi itashuka tena."

Kuishusha, kuifungua na kuirudisha ni siku mbili, na kwa kiuno kile labda tatu. Mzee wa viazi aliangalia chini. Hakutukana. Alisema tu atalala kwa shemeji yake, akaondoka kwa miguu. Mwalimu wangu naye akaenda kukaa juu ya tairi, simu mkononi, haipigi wala haiweki. Nikaelewa ile simu ni ya kwenda wapi.

Nikaingia kwenye pikapu mwenyewe. Yeye ndiye aliyenifundisha: usikimbilie kufungua, kwanza uliza gari. Nikaacha injini imezimwa, nikaingiza gia. Moja, mbili, tatu, rivasi, zote zikaingia. Nikawasha injini, nikakanyaga klachi: krrrr. Nikapampu pedali mara tatu harakaharaka, nikajaribu tena, ikaingia. Kumbe meno ya ndani hayana ugomvi. Klachi ndiyo ilikuwa haiachii vizuri, injini inaendelea kuizungusha giaboksi wakati wewe unataka itulie.

Nikafungua boneti. Kikopo cha fluidi ya klachi kilikuwa karibu kikavu. Nikalala chini, nikafunua kofia ya raba ya ile silinda ndogo ubavuni mwa giaboksi, tunayoiita lowa. Fluidi ikanidondokea shavuni. Raba ya ndani ilikuwa imechoka, inavujisha fluidi na kuvuta upepo. Na upepo, tofauti na fluidi, unaminyika: unakanyaga pedali mpaka chini, kule mwisho lowa inasukuma nusu tu.

Halafu ule mkono wa gia wenyewe. Ulikuwa unacheza kushoto na kulia kama mwiko kwenye uji. Nikautoa. Bushi ya plastiki kule chini yake ilikuwa imelika upande mmoja, imebaki kipande. Hilo nalo dogo. Bushi mpya niliipata duka la pili, nikapaka grisi, nikafunga, na mkono ukakaa mahali pake. Raba za lowa wakaniambia mpaka kesho asubuhi.

Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilianza kuona bango la garage yangu mwenyewe, lile ninalolichora kichwani kila siku, herufi za bluu. Nikajaza fluidi kikopo kile, nikamwambia mwalimu naenda kuijaribu, nikashuka nayo hadi Ipogolo, chini ya mlima, nikipampu kila nikibadilisha gia.

Kushuka, safi. Kupanda ndipo ilipoanza. Injini imepata moto, mlima ule unavyojulikana, na giaboksi ikaanza kulia, mluzi mwembamba chini ya miguu yangu. Gia ya pili ikawa nzito hata nikipampu mara tano. Hiyo si fluidi. Hiyo si bushi. Gia iliyo laini ikiwa baridi ikawa ngumu ikipata moto, na inalia: ni oili.

Lakini oili tulijaza. Nilishika tochi mwenyewe.

Nikasimamisha gari pembeni, malori yananipita, na nikaiona ile siku yote. Sehemu ya tambarare pale kwetu ni moja tu, karibu na geti, na jirani alikuwa ameijaza matofali. Tukafanyia kazi kwenye mteremko, pua ya gari juu, tena na jeki mbele. Mwalimu alijaza oili kwa tundu la ubavuni, lile la juu, mpaka ikaanza kumwagika. Akasema, "Imeshiba," akafunga. Nami nikasema, "Imeshiba." Lakini gari likiinua pua, oili yote inakimbilia nyuma, na tundu lile liko upande wa nyuma. Inamwagika kabla haijajaa.

Hilo ni kosa ambalo yeye ndiye alinionya nisije nikalifanya.

Nikinyamaza, giaboksi itashuka bure, kiuno kitaisha, na yule mama wa Tosamaganga atasubiri. Nikijaza oili kimyakimya nikasema ilikuwa raba tu, labda mwalimu atabaki. Nikisema kweli, atapiga simu. Sikuwa na mtu wa kumuuliza. Mtu pekee ninayemuuliza mambo alikuwa amekaa juu ya tairi.

Nilinunua oili ya gia, nikaenda uwanja wa mpira wa shule ya msingi, pale ardhi iko sawa. Nikasubiri ipoe kidogo, nikafungua tundu la juu, nikaingiza kidole nikakikunja kwa chini. Oili inatakiwa ikutane nawe mlangoni. Kidole kilirudi kikavu. Nikajaza kwa bomba la mpira mpaka ikachuruzika yenyewe kwenye mdomo wa tundu. Iliingia lita moja na kitu.

Niliporudi alikuwa amesimama getini.

"Umetoka wapi muda wote huo?"

"Uwanjani."

"Uwanjani! Umesajiliwa timu gani?"

"Kupima oili, baba."

Oili ya gia ina harufu yake, kali, kama kiberiti, na mikono yangu ilikuwa inanuka mpaka kwenye viwiko. Alinusa. Nilikuwa nimeandaa maneno ya raba. Yote yakapotea.

"Ilikuwa chini?"

"Lita moja na kidogo."

"Mimi niliipimia wapi?"

Nikaonyesha kwa kidevu. Akatazama mteremko, akatazama matofali.

"Na wewe ulishika tochi."

"Nilishika."

"Mbona hukusema?"

"Sikugundua. Kweli, baba, siku ile sikugundua. Leo mlimani ndiyo nimegundua."

Alicheka, kicheko cha puani. "Basi imetosha. Mtu anayejua amebaki mmoja hapa, nisimchanganye."

"Kosa moja tu, baba! Hata mimi nimefanya mangapi?"

"Wewe unajifunza, mwanangu. Mimi nasahau. Hayo si makosa ya aina moja."

Akampigia binti yake mbele yangu. Hakujidai. Alisema maneno machache, akaniuliza basi la Mbeya la kwanza linaondoka saa ngapi. Nilimwambia ngoja angalau tumalize pikapu. Akasema akilala siku mbili atabadili mawazo, na hataki kuyabadili.

Asubuhi nilimbebea begi mpaka stendi. Aliniachia sanduku la spana, na jeki, na kabla ya kupanda akanikemea kuhusu matofali: "Mwambie yule jirani ayatoe. Usimbembeleze." Nilipungia mkono madirisha ya upande ambao, kumbe, hakukaa.

Mzee wa viazi alilichukua gari lake mchana na kwenda kumchukua mkewe. Alisukuma gia ya kwanza kwa wasiwasi, ikaingia bila neno, akanitazama, akasema, "Dada fundi, yule mzee yuko wapi nimshukuru?" Nikamwambia amesafiri. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni saa ile kabla hajaja.

Nilikuwa nimebadilisha raba za lowa, na sasa upepo ulitakiwa utolewe kwenye bomba. Kazi hiyo ni ya watu wawili. Mmoja chini anafungua na kufunga nipo, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye lowa, mwingine juu anakanyaga klachi na kushikilia, na mnaitana. Nikaangalia uani. Hakuna mtu. Nikatafuta mti mwembamba, nikaukata urefu wa kutoka pedali mpaka ukingo wa kiti. Nikapampu, nikakanyaga mpaka chini, nikaupachika mti ushikilie. Nikateremka, nikalala chini, nikafungua nipo, mapovu yakatoka kwenye kabomba ka mpira kuingia kwenye chupa, nikafunga. Nikapanda, nikatoa mti, nikaivuta pedali juu kwa mkono maana ilikuwa hairudi yenyewe, nikaongeza fluidi. Tena. Na tena. Mgongo ukajaa vumbi.

Mara ya sita au ya saba, mapovu yamebaki madogo, nilijikuta nimelala kule chini, spana mkononi, nasema kwa sauti, "Shika."

Nikasubiri kidogo. Kisha nikajibu mwenyewe, "Nimeshika," nikafungua nipo.