Kulala Njaa kwa Kiswahili

Mhakiki wa pili wa makala yetu alikuwa na adabu sana, na adabu yake ndiyo iliyonitia kinyaa. Alisifu mada yetu, akasifu ramani, akasema jedwali la kwanza linasomeka vizuri. Halafu, katika hoja yake ya tatu, akatuambia kwamba karibu nusu ya watu tuliowahoji hawaaminiki.

Hakuandika hivyo, bila shaka. Aliandika kwamba Kiswahili si lugha mama ya wakulima wa Burundi, kwamba swali likiulizwa kwa lugha mbili linakuwa maswali mawili, na kwamba mahojiano yote ya Kiswahili yaondolewe kwenye uchambuzi. Niliyasoma nikiwa nyumbani kwangu Musinzira, kikombe cha chai mkononi. Nikakiweka chini, na ile chai sikuimaliza.

Sisi ni watu wa Gitega mjini, Waislamu, wauza vitambaa tangu enzi za babu. Kiswahili ndicho nilichogombezwa nacho na kubembelezwa nacho. Sasa mtu nisiyemjua jina wala uso, maana wahakiki wa majarida hawatajwi, ananieleza ni lugha gani inayoruhusiwa kutoka kinywani mwa Mrundi.

Makala ilikuwa yetu watu watatu. Mimi hufundisha takwimu hapa Gitega. Mwandishi wa kwanza alikuwa mwalimu kijana anayeishi Muyinga, mwanamke aliyezaliwa na kukulia Tanzania kwenye makazi ya wakimbizi, akarudi na wazazi wake akiwa binti mkubwa. Makala hii ilikuwa sehemu ya shahada yake ya udaktari, na chuo chake hakikubali mtu atetee tasnifu kabla makala haijapokelewa na jarida. Wa tatu alikuwa profesa wake, Mrundi mwenzetu anayefundisha Ulaya. Tulikuwa tumeuliza familia za Mwakiro kule Muyinga, na za Buraza upande wetu wa Gitega, kama nyumba ambazo shamba lao lina kesi hulala njaa zaidi kuliko nyingine. Kila mtu alichagua lugha ya kujibia. Waliorudi kutoka Tanzania wengi wao walichagua Kiswahili.

Profesa alinipigia simu siku ileile.

"Bon, we sikiliza," alisema. "Toa hizo interview za Kiswahili, tubakie na za Kirundi. Article itapita. Mhakiki haiko mtu wa kupigana naye."

"Na wale watu?"

"Watu gani?"

Niliogopa kufungua mdomo nisije nikamtukana mtu mzima. Yeye mwenyewe amezaliwa Bujumbura na anakiongea Kiswahili kama maji, na bado aliona rahisi kuwafuta watu kama anavyofuta vumbi kwenye kioo cha gari. Nikamwambia mtandao ni mbaya, nikakata.

Mhariri alikuwa ametupa muda wa kurekebisha, si mrefu. Nilipopata nafasi kwenye gari lenye mafuta, maana mafuta siku hizi ni hadithi nyingine, nikaenda Muyinga. Nilitaka tuandike barua ya majibu tukiwa tumekaa pamoja. Barua ya namna hii ina desturi yake: unanakili kila hoja ya mhakiki neno kwa neno, chini yake unaweka jibu lako, kisha unataja ukurasa na mstari ulioubadilisha. Na kila jibu linaanza kwa kushukuru. Hata aliyekukanyaga unamshukuru kwa kukuonyesha mahali ulipoweka mguu.

Nilimkuta mwenzangu, yule mwandishi wa kwanza, amekwisha kufungua kompyuta. Alikuwa ameandaa jedwali jipya, lisilo na Kiswahili.

"Tazama, dada," alisema. "Limekuwa safi sana."

Lilikuwa safi kweli. Buraza ilikuwa imebaki yote, na Mwakiro ilikuwa karibu haimo. Zile nyumba tulimokuwa tumekaribishwa vigoda na kumenyewa karanga hazikuwa popote. Nikaisukuma ile kompyuta kando.

"We unataka kutoa watu yako mwenyewe?"

"Nataka kumaliza shule," alijibu. "Nimechoka. Profesa amesema nikikataa nitajibu mwenyewe."

Nikatoa rasimu ya barua niliyokuwa nimeiandika Musinzira kwa hasira. Alisoma ukurasa wa kwanza. Kwenye wa pili akaanza kucheka, na kwenye wa tatu akachukua kalamu akafuta "inashangaza", akafuta "kwa mtu asiyewahi kufika Burundi", akafuta aya nzima niliyoipenda kuliko zote, ile iliyomuuliza mhakiki yeye huota kwa lugha gani.

"Dada, barua hii haisomwi na yeye peke yake. Mhariri ndiye anayeamua. Akiona tumekasirika atadhani hatuna jibu."

"Mi nimekasirika."

"Najua. Lakini ana haki kwenye jambo moja."

Hilo lilinichoma, kwa sababu nilikuwa nalijua. Kabla ya kuanza utafiti tulifanya majaribio ya maswali na watu wachache wanaojua lugha zote mbili. Tuliwauliza kwa Kirundi, tukawauliza kwa Kiswahili, kisha tukawaomba watueleze walivyoelewa. Kirundi kina neno kuburara, yaani kulala bila kula. Mama mmoja wa Mwakiro aliulizwa kwa neno hilo akasema hapana, kwake halijatokea. Alipoulizwa kwa Kiswahili kama wamewahi kulala njaa, akasema ndiyo, mara nyingi. Tukamuuliza mbona majibu mawili. Akasema neno la Kirundi ni neno la kilimani, yaani la kijiji kizima, jirani akilisikia amemhukumu mwanamke wa nyumba hiyo. Kiswahili ni cha ndani, cha yeye na mume wake tangu walipokuwa Tanzania. Kwa Kiswahili alikuwa anasema tu jinsi walivyolala.

Kwa hiyo maneno mawili hayakuwa na uzito sawa, na mhakiki alikuwa amenusa kitu cha kweli. Kilichonichefua ni alichotaka kifanywe nacho. Kama neno moja linawafunga watu midomo na jingine linawafungua, yeye alitaka tuwabakize waliofungwa. Na sisi habari hiyo ya majaribio hatukuwa tumeiweka kwenye makala, kwa sababu jarida lilikuwa limetubana idadi ya maneno, tukaona ni jambo dogo.

Tukala ugali na maharage, tukarudi mezani. Kurudi Mwakiro kuuliza upya haikuwezekana bila kibali kipya cha kamati ya maadili, na isitoshe nani angekwenda kuwaambia wale watu kwamba njaa yao haikuhesabiwa, waitaje tena kwa lugha nyingine. Tukafanya kilichowezekana. Tulichambua mahojiano ya Kirundi peke yake na ya Kiswahili peke yake, bila kuyachanganya. Mimi niliendesha hesabu, yeye akiwa nyuma ya bega langu anauma kucha. Katika makundi yote mawili jibu lilielekea upande mmoja: palipo na kesi ya shamba, njaa ilikuwa zaidi.

Lakini kulikuwa na aya nyingine, ya kwangu, iliyosema kwamba waliorudi wana njaa kuliko wale ambao hawakuwahi kuondoka. Hiyo haikuweza kusimama tena. Huwezi kulinganisha watu waliojibu kwa neno la aibu na watu waliojibu kwa neno la nyumbani. Niliiangalia muda mrefu, kisha nikaifuta mwenyewe, na niliichukia ile siku.

Barua ilikuwa ya Kiingereza. Jibu la hoja ya tatu, nikilitafsiri kwa Kiswahili, lilikuwa hivi:

"Tunamshukuru mhakiki kwa hoja hii muhimu. Tunakubali kwamba maswali katika lugha hizi mbili hayana uzito sawa, na sasa tumeeleza majaribio ya awali yaliyoonyesha hivyo. Kwa sababu hiyo tumeondoa ulinganisho kati ya waliorudi na wasioondoka, na tumeutaja udhaifu huu waziwazi. Kwa heshima, hatukubaliani na pendekezo la kuondoa mahojiano ya Kiswahili. Wahojiwa walichagua wenyewe lugha ya kujibia, na kuwaondoa kungepotosha sampuli kwa kuwatoa walioielezea njaa yao kwa uwazi zaidi. Uchambuzi wa kila lugha peke yake umeongezwa, na hitimisho kuu halibadiliki."

Lile neno "muhimu" nililiandika nimekunja uso kama ninayemeza mwarobaini. Mwenzangu aliniomba nisilitoe, nikamwachia. Tulimpelekea profesa. Alijibu kwa mstari mmoja, kwamba tukizama tusimtafute, lakini jina lake hakuomba litolewe. Tukatuma.

Zikapita wiki nyingi. Mimi niliendelea kufundisha, na mwenzangu kila nilipompigia aliniuliza habari za kila mtu isipokuwa za jarida. Chuo chake kilikuwa kimemwandikia kwamba muda wa usajili unakwisha. Nilipofungua barua pepe ya mhariri nilikuwa peke yangu ofisini, na nilianzia chini, kama ninavyosoma barua zote ninazoziogopa.

Makala ilikuwa imepokelewa. Mahojiano ya Kiswahili yabaki. Mhakiki wa pili aliridhika na majibu yetu, na hata alitupongeza kwa uwazi. Profesa alikwishaandika, "Nilijua tutafaulu." Tena kulikuwa na ombi moja la mwisho kutoka kwa mhakiki, nalo ni sharti kabla ya kuchapa: Kiingereza cha makala kipitiwe na mzawa wa lugha, yaani mtu aliyeisema tangu utotoni.

Nikampigia mwenzangu. Alilia kidogo kwa furaha, nikamwacha alie, kisha nikamsomea lile ombi.

"Dada," alisema, "Tanzania niliitwa mkimbizi. Huku wakaniambia Kirundi changu ni cha Kitanzania. Huyu akaniambia Kiswahili si chetu, na sasa Kiingereza. Hebu aniambie mimi ni mzawa wa wapi, nikajifunze kusema huko."

Nikamwambia nitamtafuta mtu, kuna Mmarekani mmoja wa kanisa analosali jirani yangu, atatusomea bila maneno. Akasema hapana, barua hii ya mwisho ataiandika mwenyewe. Jioni alinitumia nakala, imekwisha kwenda kwa mhariri. Ilikuwa na mistari miwili.

"Tunamshukuru mhakiki. Makala imesomwa upya, neno kwa neno, na mwandishi wa kwanza, ambaye ni mzawa wa lugha ambayo kwayo wahojiwa walikiri njaa yao."

Makala wakaichapa hivyohivyo.