Koti la Kahawia Lililongoja Mwenyewe

Nilipovaa koti la marehemu mume wangu pale studio, Kakamega mjini, harufu ya dawa ya nondo ilinirudisha utotoni. Baba alikuwa ameenda Butali kukata miwa, nami nikajificha ndani ya koti lake lililotundikwa mlangoni. Mama akanivuta. "Toka humo! Hilo linangoja mwenyewe."

Picha nzuri ya mume wangu ya kuweka kwenye kumbukumbu yake ilikuwa moja tu, akiwa na ovaroli ya kazi. Binti wa studio alitaka kumvisha suti ya kompyuta.

"Kukhu," akaniita bibi kwa Kiluhya, "suti ni suti tu."

"Yeye alipenda koti hili la kahawia."

Basi akanipiga picha nikiwa nimelivaa, taa ikitoka kushoto kama jua la ile picha ya zamani. Akakata kichwa cha mzee kwenye ovaroli, akakiweka juu ya kola, akalainisha shingo mpaka mshono ukapotea.

"Mabega ni madogo, Kukhu. Niyavute?"

"Kidogo tu."

Siku ya kumbukumbu, shemeji alisimama mbele ya picha. "Aki suti ilimkaa huyu ndugu yangu!"

Wageni walipoondoka, nikalitundika koti mlangoni.